Kutoka Kielelezo cha Omu Moja hadi Kichujio cha Kupitisha Masafa ya Juu: Uhifadhi wa Riaktansi katika Mpaka

Ikisiri

Majedwali ya vichujio hutoa thamani za kichujio ambacho hakuna anayekijenga: chanzo cha omu 1, mzigo wa omu 1, na mpaka wa radiani 1 kwa sekunde. Makala haya yanaeleza jinsi kielelezo hicho kinavyopelekwa kwenye impedansi na masafa yanayotakiwa, kisha kinavyogeuzwa kuwa kichujio cha kupitisha masafa ya juu. Hoja inayojengwa ni kwamba hatua zote tatu zinahifadhi kitu kimoja, yaani ukubwa wa riaktansi ya kila kijenzi katika masafa ya mpaka ikilinganishwa na ukinzani wa mzigo, na kwamba anayekishika kitu hicho anaweza kugundua makosa ya hesabu kabla ya kushika chuma cha kulehemu. Mfano unaofuatiliwa ni kichujio cha omu 50 chenye mpaka wa megahezi 2.5, cha kukinga kipokezi cha mawimbi mafupi dhidi ya vituo vya mawimbi ya kati.

1.0 Utangulizi

Afrika imo katika Kanda ya 1 ya mgawanyo wa kimataifa wa masafa ya redio. Katika kanda hiyo, Mpango wa Geneva wa mwaka 1975 uliweka vituo vya mawimbi ya kati kwa nafasi ya kilohezi 9, kuanzia kilohezi 531 hadi 1602. Juu kidogo ya hapo huanza masafa ya mawimbi mafupi, yakiwamo ya redio ridhaa kuanzia megahezi 3.5, ambayo husikilizwa kwa vipokezi vyenye wepesi mkubwa wa kunasa ishara dhaifu. Kipokezi cha namna hiyo kikiwekwa karibu na mtambo wa kurushia matangazo ya mawimbi ya kati, antena yake hukusanya volteji kubwa ya kituo ambacho msikilizaji hakihitaji. Hatua ya kwanza ya kipokezi huelemewa, nayo ikielemewa huzaa ishara za uongo: kituo husikika mahali ambapo hakipo, na ishara dhaifu inayotafutwa huzama.

Tiba ni kuweka, kati ya antena na kipokezi, kichujio kinachopitisha masafa ya juu na kuzuia ya chini. Kwa ufupi, kichujio hicho kitaitwa hapa pita-juu, na mwenzake anayefanya kinyume ataitwa pita-chini. Ajabu ni kwamba anayefungua jedwali la vichujio kutafuta pita-juu kwa kawaida hakipati. Anachokuta ni pita-chini tu, tena cha vipimo visivyojengeka. Jedwali halina upungufu kwa hilo. Kielelezo kimoja cha pita-chini kinatosha kuzalisha vichujio visivyo na idadi, mradi mbunifu ajue namna ya kukisafirisha. Tatizo ni kwamba wanafunzi wengi hufundishwa safari hiyo kama fomula nne za kukariri, na mtu aliyekariri hana njia ya kujua pale alipozichanganya.

2.0 Kielelezo sanifu na maana ya namba zake

Kielelezo kitakachotumika ni cha daraja la tatu, cha aina inayoitwa Butterworth kwa jina la mhandisi Mwingereza Stephen Butterworth, aliyechapisha maelezo yake mwaka 1930. Sifa yake ni kwamba mwitikio ni laini kabisa ndani ya eneo linalopitishwa, hauna mawimbi ya kupanda na kushuka. Kiasi cha nguvu kinachofika kwenye mzigo, kikilinganishwa na kile cha juu kabisa kinachowezekana, hufuata kanuni ifuatayo:

|H|² = 1 / (1 + ω⁶)

Katika ω = 1 nusu ya nguvu hupita, sawa na upunguzaji wa desibeli 3. Hapo ndipo panapoitwa mpaka. Mbali zaidi ya mpaka, kila masafa yanapoongezeka maradufu, upunguzaji huongezeka kwa takriban desibeli 18.

Saketi yake ni ngazi ya vijenzi vitatu. Kutoka kwenye chanzo chenye ukinzani wa omu 1 kuna koili ya henri 1 katika mfululizo, kisha kapasita ya faradi 2 inayoshuka hadi kwenye ardhi ya saketi, kisha koili nyingine ya henri 1 katika mfululizo, halafu mzigo wa omu 1. Namba 1, 2, 1 ndizo zinazoandikwa katika majedwali kwa herufi g.

Inafaa kusimama hapa kidogo, kwa sababu namba hizi kwa kawaida husomwa kama henri na faradi tu, ilhali maana yake yenye manufaa ni nyingine. Katika ω = 1, koili ya henri 1 ina riaktansi ya omu 1, yaani sawa na mzigo. Kapasita ya faradi 2 ina riaktansi ya nusu omu, yaani nusu ya mzigo. Kwa hiyo kielelezo kinasema hivi: katika mpaka, kijenzi cha kwanza kiwe na riaktansi sawa na mzigo, cha pili kiwe na nusu ya mzigo, na cha tatu kiwe sawa na mzigo. Kauli hiyo haitaji omu moja wala radiani moja. Ni uwiano mtupu, na uwiano husafiri bila kubadilika.

Kwamba uwiano huo ndio unaotoa desibeli 3 kunaweza kuthibitishwa kwa hesabu fupi. Katika mpaka, koili ya mwisho pamoja na mzigo ni 1 + j. Zikiwekwa sambamba na kapasita, yaani −j0.5, jumla yake ni 0.2 − j0.6. Ukiongeza koili ya kwanza na ukinzani wa chanzo unapata 1.2 + j0.4. Kwa hiyo volteji kwenye kapasita ni nusu kamili ya volteji ya chanzo, nayo hugawanywa tena kwa mzizi wa 2 kabla ya kufika kwenye mzigo, hivyo mzigo hupata 0.354. Bila kichujio mzigo ungepata 0.5. Uwiano wa 0.354 kwa 0.5 ni 0.707, ambao ndio desibeli 3.

3.0 Kubadili kipimo cha impedansi na cha masafa

Antena na kipokezi cha mfano huu vimeundwa kwa omu 50. Ili kutoka omu 1 hadi omu 50, kila impedansi ndani ya saketi inazidishwa kwa 50. Mwitikio hauguswi, kwa kuwa mwitikio ni uwiano wa volteji mbili, na uwiano wa volteji hutokana na uwiano wa impedansi. Zote zikikua kwa kiasi kimoja, hakuna kinachobadilika kati yake. Jambo la kuangalia ni kwamba impedansi ya koili hukua pamoja na henri zake, ilhali impedansi ya kapasita hupungua kadiri faradi zinavyoongezeka. Kwa hiyo henri zinazidishwa kwa 50 na faradi zinagawanywa kwa 50. Ukinzani wa chanzo na wa mzigo nao unazidishwa, jambo ambalo huonekana dogo lakini litarudi baadaye.

Hatua ya pili ni masafa. Mpaka unaotakiwa ni megahezi 2.5, ambao uko juu ya kituo cha mwisho cha mawimbi ya kati na chini ya megahezi 3.5. Kinachotakiwa ni kwamba kila kijenzi kiwe, katika megahezi 2.5, na riaktansi ileile kilichokuwa nayo katika radiani 1 kwa sekunde. Riaktansi ya koili ni ωL, hivyo ω ikikua, L lazima ipungue kwa kiasi hichohicho. Riaktansi ya kapasita ni 1/(ωC), nayo pia hudai C ipungue kwa kiasi hichohicho. Hapa basi koili na kapasita hutendewa sawa: zote zinagawanywa. Vikinza havibadiliki, maana kikinza hakina habari na masafa.

Kigawanyo si megahezi 2.5 bali ni masafa ya pembe, yaani 2π mara 2,500,000, sawa na radiani milioni 15.708 kwa sekunde. Hatua zote mbili zikiunganishwa zinakuwa:

L = g·R / ωc
C = g / (R·ωc)

Kwa mfano huu, kila koili ni mikrohenri 3.183 na kapasita ni pikofaradi 2,546. Hicho ni kichujio pita-chini kamili cha omu 50. Riaktansi zake katika megahezi 2.5 ni omu 50, omu 25 na omu 50: uwiano uleule wa 1, nusu, 1. Mbunifu aliyefika hapa bado hana kichujio alichokikusudia, lakini ana hakika kwamba hesabu yake imesimama.

4.0 Kugeuza pita-chini kuwa pita-juu

Ugeuzaji wenyewe unafanywa kwa kuweka 1/ω mahali pa ω katika kielelezo. Kilichokuwa kikitokea katika ω = 2 sasa kinatokea katika ω = 0.5, kilichokuwa katika sifuri kinahamia pasipo na mwisho, na nukta moja tu inabaki mahali pake: ω = 1, yaani mpaka. Kanuni ya nguvu inakuwa:

|H|² = 1 / (1 + 1/ω⁶)

Katika saketi, koili yenye impedansi jωg lazima iwe kitu chenye ukubwa wa g/ω. Kitu hicho ni kapasita ya faradi 1/g. Vivyo hivyo, kapasita ya faradi g inayoshuka ardhini inakuwa koili ya henri 1/g. Kielelezo cha pita-juu ni basi kapasita ya faradi 1 katika mfululizo, koili ya henri 0.5 kwenda ardhini, na kapasita ya faradi 1 katika mfululizo.

Nini kimetokea kwa riaktansi katika mpaka? Kapasita ya faradi 1 katika ω = 1 ina omu 1, na koili ya henri 0.5 ina nusu omu. Uwiano ni uleule wa 1, nusu, 1. Kilichobadilika ni alama tu: palipokuwa na +j sasa pana −j, na palipokuwa na −j pana +j. Hesabu ya sehemu ya 2.0 ikirudiwa kwa alama hizo, namba zote zinatoka zilezile zikiwa zimegeuzwa alama ya j, na ukubwa wa volteji kwenye mzigo unabaki 0.354. Awamu imegeuka, ukubwa haukuguswa.

Kwa omu 50 na megahezi 2.5, fomula zinakuwa:

C = 1 / (g·R·ωc)
L = R / (g·ωc)

Kila kapasita ni pikofaradi 1,273 na koili ni mikrohenri 1.592. Riaktansi zake katika mpaka ni omu 50, 25 na 50, kama zilivyokuwa. Anayependa kuanza na kichujio pita-chini kilichokwisha kupimwa, badala ya kielelezo, anaweza kufanya hivyo pia: kila kijenzi hubadilishwa na kile kinachopatana nacho kwa mwangwi katika mpaka. Mikrohenri 3.183 na pikofaradi 1,273 hupata mwangwi katika megahezi 2.5, na hali kadhalika pikofaradi 2,546 na mikrohenri 1.592. Utaratibu wa hatua hauna athari katika jibu, ila kugeuza kielelezo kwanza na kubadili vipimo baadaye kuna faida moja: namba zinazogeuzwa ni ndogo na zinaonekana kwa macho.

Kuna uchaguzi mmoja uliofanyika kimyakimya tangu mwanzo. Kielelezo hichohicho kingeweza kuandikwa kwa kapasita mbili zinazoshuka ardhini na koili moja katika mfululizo, na mwitikio ungekuwa ule ule. Mjenzi wa pita-chini huupenda umbo hilo kwa sababu lina koili moja, na koili husokotwa kwa mkono wakati kapasita hununuliwa. Mjenzi wa pita-juu anapaswa kufanya kinyume. Kwa kuwa kila koili itakuwa kapasita, achague kielelezo chenye koili mbili ili abaki na koili moja mwishoni.

5.0 Makosa mawili na dalili zake

Kosa la kwanza ni kusahau 2π. Vijenzi vyote vinatoka vikubwa mara 6.28 kuliko inavyotakiwa, na umbo la mwitikio linabaki zuri kabisa. Kichujio hakina kasoro yoyote isipokuwa mpaka wake, ambao umeshuka hadi kilohezi 398, chini ya mawimbi yote ya kati. Kikiwekwa mbele ya kipokezi hakifanyi chochote, na mjenzi huanza kulaumu antena. Kipimo cha riaktansi hufichua kosa hili mara moja: katika megahezi 2.5 kapasita zingekuwa na takriban omu 8 badala ya 50.

Kosa la pili ni la hila zaidi, na mfano wa 1, 2, 1 unalificha kwa namna ya pekee. Mtu anakumbuka kwamba koili na kapasita zinabadilishana nafasi, lakini anasahau kwamba namba nazo zinageuzwa. Anaweka kapasita ya faradi 1, koili ya henri 2, na kapasita ya faradi 1. Kwa kuwa kinyume cha 1 ni 1, vijenzi viwili kati ya vitatu ni sahihi kwa bahati. Koili pekee ndiyo iliyokosewa, nayo imekuwa kubwa mara nne: mikrohenri 6.366 badala ya 1.592.

Madhara yake hayako pale ambapo mtu angeyatarajia. Katika megahezi 2.5 upunguzaji ni desibeli 0.97, na anayepima hapo tu anaweza kufurahi kwamba kichujio chake kinapoteza kidogo kuliko alivyotarajia. Lakini katika megahezi 1.25, ambapo kichujio sahihi kingepunguza desibeli 18.1, hiki kinapunguza desibeli 0.97 tena. Katika megahezi 1 kinapunguza desibeli 7.1 mahali pa 23.9. Mtu aliyepoteza desibeli 17 katikati ya mawimbi ya kati amepoteza sehemu kubwa ya kinga aliyoitafuta, na saketi yake bado inaonekana sawa na mchoro wa kitabuni. Riaktansi ingemwonya: koili hiyo ina omu 100 katika mpaka, wakati kielelezo kinadai 25.

Yapo pia makosa ya kipimo yanayofanana na makosa ya ubunifu. Lililo maarufu ni kupima kichujio kwa osiloskopu bila mzigo wa omu 50. Kichujio kinapobadilishwa kipimo cha impedansi, ukinzani wa mzigo ni sehemu ya saketi sawa na koili. Kukiondoa kikinza hicho na kuweka kichunguzi cha osiloskopu chenye impedansi ya maelfu ya omu ni kuunda kichujio kingine. Kapasita ya mwisho haipitishi mkondo wowote wa maana, kwa hiyo ni kana kwamba haipo. Kinachobaki ni kichujio cha daraja la pili, na hesabu inaonyesha kwamba mpaka wake unakuwa katika mzizi wa 2 mara ya mpaka wa awali, yaani megahezi 3.54, na mteremko wake ni desibeli 12 badala ya 18 kwa kila nusu ya masafa. Anayekuta namba hizo mbili kwa pamoja asibadilishe vijenzi. Aweke kikinza cha omu 50 na kupima upya.

Kwa sababu hiyohiyo, kichujio cha omu 50 hakitimizi ahadi yake kikiunganishwa na waya mrefu wa antena ambao impedansi yake katika mawimbi ya kati haikaribii omu 50. Mpaka utasogea na umbo litapotoka. Kwa kipokezi cha omu 75 dawa ni rahisi zaidi: kapasita zinazidishwa kwa theluthi mbili na koili kwa moja na nusu, bila kugusa masafa.

6.0 Kutoka namba hadi vijenzi

Pikofaradi 1,273 hazipatikani dukani. Kapasita ya pikofaradi 1,200 ikiunganishwa sambamba na ya pikofaradi 68 inatoa 1,268, tofauti isiyofika nusu ya asilimia moja. Hakuna haja ya kutafuta usahihi zaidi ya huo, maana kapasita zenyewe mara nyingi huuzwa kwa uvumilivu wa asilimia 5. Jambo la maana zaidi ni aina. Kapasita za kauri zenye alama ya NP0 au C0G hushika thamani yake joto linapobadilika, ilhali zile zenye alama ya X7R hubadilika kwa joto na kwa volteji. Zote zinafanana kwa macho, na ndogo ya bei rahisi ndiyo inayoelekea kuwa ya aina mbaya.

Koili inasokotwa kwenye pete ya unga wa chuma. Pete inayojulikana kwa jina la T50-2, yenye kipenyo cha takriban milimita 12.7 na rangi nyekundu, hutoa nanohenri 4.9 kwa mraba wa idadi ya mizunguko. Nanohenri 1,592 zikigawanywa kwa 4.9 ni 325, na mzizi wake ni 18.02. Mizunguko 18 basi inatosha, nayo inatoa nanohenri 1,588. Mzunguko mmoja huhesabiwa kila waya unapopita ndani ya tundu la pete, hata kama nje unaonekana kama nusu. Wanaohesabu kwa nje hukosa mmoja, na mmoja kati ya 18 ni kosa la asilimia 11 katika henri.

Kichujio kikiisha, kinachotarajiwa ni hiki. Katika kilohezi 600 upunguzaji ni desibeli 37. Katika megahezi 1 ni desibeli 23.9, maana yake volti 1 ya kituo chenye nguvu inabaki takriban milivolti 64. Katika megahezi 3.5 kichujio hugharimu ishara inayotakiwa desibeli 0.54, na katika megahezi 7 hasara haihesabiki. Udhaifu uko kwenye ncha ya juu ya mawimbi ya kati: katika megahezi 1.6 upunguzaji ni desibeli 11.9 tu. Ikiwa kituo kinachosumbua kiko huko, daraja la tatu halitoshi. Kuusogeza mpaka juu hadi megahezi 3 kungesaidia kidogo, lakini kungekula zaidi ishara ya megahezi 3.5.

Njia iliyo bora ni daraja la tano, ambalo kielelezo chake ni 0.618, 1.618, 2, 1.618, 0.618. Katika megahezi 1.6 hilo hupunguza desibeli 19.4, na katika megahezi 1 karibu desibeli 40. Hatua ni zilezile, na hapa namba hazigeuzwi kwa bahati, hivyo kosa la pili haliwezi kujificha. Riaktansi za pita-juu katika mpaka, kwa omu 50, zinatoka 30.9, 30.9, 100, 30.9 na 30.9. Usawa wa nne kati ya hizo unatokana na ukweli kwamba 0.618 na 1.618 ni kinyume cha mwenzake.

Kuna kikomo kimoja ambacho kielelezo hakikitaji. Kichujio pita-juu cha kwenye karatasi hupitisha kila kitu kilicho juu ya mpaka bila mwisho. Cha mezani hakifanyi hivyo, kwa kuwa mizunguko ya koili ina uwezo mdogo wa kapasita kati yake. Uwezo huo ukiwa pikofaradi 3, koili ya mikrohenri 1.59 hupata mwangwi na nafsi yake karibu na megahezi 73, na juu ya hapo hutenda kama kapasita inayovujisha ishara ardhini. Miguu mirefu ya kapasita huongeza tatizo kwa kuingiza henri mahali zisipotakiwa. Kwa kipokezi cha mawimbi mafupi, kinachoishia megahezi 30, hayo hayana madhara. Anayetaka kutumia kichujio hichohicho kwa masafa ya matangazo ya FM, megahezi 87.5 hadi 108, atalazimika kukipima huko kwanza, na asishangae akikuta kimegeuka kuwa kitu kingine.